Mfululizo zalishi wa kawaida au wa kipeo: herufi nne, majibu mawili

Tuseme unaunda maneno ya herufi 4 kwa A, B na C, na A lazima itokee mara shufwa (sifuri ni shufwa pia). Yako maneno mangapi?

Kwa mfululizo wa kawaida, ambamo xᵏ humaanisha herufi imetokea mara k, A ni 1 + x² + x⁴ + …, huku B na C kila moja ni 1 + x + x² + … Ukizizidisha, kizigeu cha x⁴ ni 5 + 3 + 1 = 9. Hesabu ni sahihi, ila inajibu swali jingine: AABC na BACA zimehesabiwa kama kitu kimoja, kwa sababu kinachoangaliwa ni idadi ya kila herufi tu.

Mfululizo wa kipeo hugawa kila xᵏ kwa k!. Hapo A ni (eˣ + e⁻ˣ)/2, B na C kila moja eˣ, na zao lake ni (e³ˣ + eˣ)/2. Kizigeu cha x⁴ ni 41/24. Zidisha kwa 4! upate 41. Hakiki kwa mkono: bila A ni 16, A mbili ni 6 × 4 = 24, A nne ni 1.

Hiyo 6 ndiyo siri yenyewe. Ni 4!/(2!·2!), njia za kuchagua nafasi za A, na vigawanyo huileta bila kuombwa. Ukiona jibu la sehemu kama 41/24, umesahau n!.

Hata hivyo, neno lisilo na sharti, linalojengwa herufi baada ya herufi, lahesabika vyema kwa ule wa kawaida: 1/(1 − 3x).