Oili ya 0W-20 kwenye Toyota IST ya 2004: uzoefu wangu

Gari langu ni IST yenye injini ya 1NZ-FE, imeshatembea zaidi ya kilomita 230,000, na kazi yake kubwa ni foleni za Dar es Salaam. Nilihama kutoka 5W-30 kwenda 0W-20 kwa sababu oili nyepesi huzungushwa kwa nguvu ndogo, hivyo injini hula petroli kidogo zaidi.

Nafuu hiyo ipo kweli, ila ni ndogo: kwa kawaida ni kama asilimia 1 hadi 2. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita hutumia lita 420 hivi katika kilomita 5,000, kwa hiyo kinachookolewa ni lita 4 hadi 8 hivi. Faida nyingine inayosifiwa, ya kuwaka kwa urahisi kwenye baridi, inatokana na ile 0W, na kwa joto la Pwani haina uzito wowote. Kinachotuhusu sisi ni namba ya pili, inayoonyesha uzito wa oili injini ikishapata moto.

Hapo ndipo injini iliyochoka hudhihirika. Asubuhi taa ya oili ilizimika mara moja, lakini mchana, gari likiwa limesimama kwenye foleni na kiyoyozi kimewashwa, ilianza kumweta, kisha nikikanyaga mafuta kidogo inazimika. Beringi zikilika, nafasi kati yake na kranki hupanuka na oili nyepesi hupenya kwa haraka, ilhali pampu ikizunguka polepole haiwezi kufidia kinachotoka. Fundi alifungua swichi ya oili, akafunga geji mahali pake na kupima injini ikiwa ya moto: kwenye sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, presha ilikuwa imekaribia kiwango cha chini kabisa, ingawa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika ilikuwa nzuri.

Dalili ya pili niliiona kwenye kijiti cha kupimia oili. Kabla ya kufikisha kilomita 5,000 oili ilikuwa imeshuka hadi alama ya chini, na eksozi ilitoa moshi wa bluu nilipokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, jambo linaloashiria ringi au sili za valvu. Lita moja ya kujazia, tena ya sintetiki, inameza karibu akiba yote ya petroli niliyoitaja.

Nimerudi kwenye 5W-30; taa haimweti tena na oili inapungua polepole zaidi. Sikukubali ushauri wa kuruka hadi 20W-50, kwa kuwa mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, hutegemea oili ipite kwenye njia nyembamba. Kwa injini ambayo bado ni imara na haipunguzi oili, 0W-20 ningeitumia bila wasiwasi, mradi kitabu cha gari kinairuhusu. Mwenye gari la umri wa langu aanze kwa kupimisha presha injini ikiwa ya moto, ikiwa bado na oili yake ya zamani.