controls=0 ya YouTube: inaficha nini, inaacha nini?

Habari zenu wadau, karibuni tena chaneli. Niko hapa hapa Arusha, mvua inapiga bati kama mnavyosikia, kwa hiyo kelele za nyuma mtanivumilia. Leo tunachambua kitu ambacho watu wa tovuti za utalii mnaniuliza kila wiki: unabandika video kwenye ukurasa wako, unataka ionekane safi, bila vitufe, bila jina la chaneli, bila mapendekezo yale ya "tazama na hii". Inawezekana au haiwezekani?

Jinsi ya kubandika video yenyewe sitaeleza. Kama unatazama chaneli hii, hiyo unaijua.

Tuchukue mfano halisi. Nina mteja Moshi anayepeleka wageni mlimani kwa njia ya Machame. Anataka mgeni akifungua tovuti tu, juu kabisa akutane na Ukuta wa Barranco, watu wanapanda, mawingu yako chini yao. Hataki sauti wala kitufe chochote. Video ndefu anayo tayari YouTube, kwa hiyo jambo la kwanza linalomjia kila mtu kichwani ni hili hapa:

```
https://www.youtube.com/embed/VIDEO_ID?controls=0
```

Sasa tazameni skrini yangu. Nimefungua ukurasa wa majaribio. Ule mstari mwekundu wa muda umeondoka, spika imeondoka, kile kigurudumu cha mipangilio hakipo. Safi! Ila subiri. Angalia juu kushoto: duara la chaneli, na jina la video pembeni yake. Hilo halijaondoka. Nabonyeza icheze... linakaa kidogo, linafifia. Narudisha mshale wa mausi juu ya video, tazama, limerudi. Sasa nabonyeza katikati. Video imesimama. Vitufe nimevificha lakini mgeni bado anaweza kuisimamisha kwa kubonyeza popote, na ikisimama kwenye skrini kubwa kama hii unaletewa safu ya video nyingine. Ikifika mwisho, hivyo hivyo.

Hapa ndipo damu inaponichemka, jamani. controls=0 inafanya kile kilichoandikwa tu, yaani inaondoa vitufe vya kuendeshea. Jina, nembo na mapendekezo havihesabiki kama vitufe. Na mafunzo mengi ya zamani bado yanakwambia ongeza showinfo=0, ongeza modestbranding=1. Usijisumbue. showinfo ilizimwa 2018, na modestbranding haina kazi tangu 2023. Ukiziweka hazileti kosa lolote, zinapuuzwa kimya kimya, ndiyo maana watu wanaendelea kunakiliana.

Halafu rel=0. Hii nayo ilibadilishwa mwaka ule ule wa 2018. Zamani ilikuwa inaondoa mapendekezo kabisa. Siku hizi inamaanisha mapendekezo yatoke kwenye chaneli ile ile iliyotoa video. Iweke, hasa kwa biashara ya utalii, maana bila hiyo mgeni anaweza kuoneshwa video ya mshindani wako ndani ya tovuti yako mwenyewe. Ila kagua chaneli yako kwanza. Kama ile video ya sherehe ya ofisi ya Desemba bado iko hadharani, inaweza kujitokeza pale chini ya Barranco!

Sasa kuna mtego mmoja nataka niuoneshe taratibu, kwa sababu unawapotezea watu mchana mzima. Nabonyeza kulia juu ya video, nafungua zana za ukaguzi za brauza. Nalitafuta lile jina la video. Limekaa ndani ya boksi lenye darasa la .ytp-chrome-top. Naliandikia hapa hapa display: none. Limepotea! Unafurahi, unanakili mstari ule, unaupeleka kwenye faili lako la CSS, unaweka na !important kwa hasira. Unafungua ukurasa upya... jina lipo vilevile.

Sababu ni hii. Video imekaa ndani ya iframe, na iframe ile ni ukurasa mwingine kamili unaotoka kwenye anwani ya YouTube. Brauza haziruhusu CSS wala JavaScript ya tovuti yako kugusa vitu vya ndani vya ukurasa wa anwani nyingine, na zingeruhusu basi tovuti yoyote ingechungulia benki yako. Zana za ukaguzi zinaingia kwa sababu ni za brauza yenyewe. Kwa hiyo mtu akikuuzia mstari wa CSS wa kuficha jina la YouTube, muombe akuoneshe ukifanya kazi kwenye tovuti iliyo hewani.

Kuna mafundi watasema, "Kaka, mimi nafanikiwa." Ndiyo, najua mnachofanya. Mnaweka hivi:

```css
.boksi { overflow: hidden; width: 800px; height: 450px; }
.boksi iframe { width: 800px; height: 650px;
  margin-top: -100px; pointer-events: none; }
```

Nieleze kwa wasioielewa. Video ni 800 kwa 450. Iframe imerefushwa hadi 650, kwa hiyo plea inajaza nafasi iliyozidi kwa weusi, 100 juu na 100 chini. Jina linakwenda kukaa kwenye weusi wa juu. Kisha boksi linakata weusi wote. Ile pointer-events: none inafanya mausi na kidole visiifikie video, kwa hiyo hakuna wa kuisimamisha. Ukiongeza autoplay=1&mute=1&loop=1&playlist=VIDEO_ID inacheza yenyewe na kujirudia. Msisahau hiyo playlist yenye namba ile ile ya video, bila hiyo video moja haijirudii.

Ujanja mzuri, siukatai. Ila mimi kwa mteja siuweki, na sababu ya kwanza ni masharti. Sera za YouTube kwa wasanidi zinakataza kuweka kitu chochote juu ya sehemu yoyote ya plea, hata kama ni vitufe tu unavifunika. Wale mnaofunika kwa boksi lisiloonekana mmeingia moja kwa moja. Huu wa kukata weusi hauko mbali na hapo.

Ya pili ni simu. Chukua aifoni, washa hali ya kuokoa betri, ile betri inakuwa ya njano. Fungua ukurasa. Umeona? Video haijaanza, maana katika hali hiyo simu inakataa kucheza video yenyewe hata kama haina sauti. Kuna picha na kitufe kikubwa cha kuchezea katikati. Mgeni anakibonyeza... anabonyeza tena... hakuna kitu. Umemzuia wewe kwa pointer-events. Na fikiria mgeni ametua KIA baada ya safari ndefu, chaji imebaki kidogo, anatafuta namba yako ya simu. Huyo ndiye anayekutana na kitu hiki.

Nipitie washindani harakaharaka. Vimeo wanayo background=1, na hii naipenda kusema kweli. Neno moja linaondoa vitufe vyote, linanyamazisha, linaanzisha na kurudia. Imetengenezwa kwa kazi hii na wanakuruhusu waziwazi. Tatizo ni pesa: mwenye video lazima awe na akaunti ya kulipia. Kama mteja anayo tayari, maliza kazi hapo uende nyumbani. Mimi nilikuja kwenye uchambuzi huu nikiwa upande wa Vimeo kabisa, ila kwa kipande kifupi cha kupambia ukurasa, naona ni gharama ya bure.

Kwa nini? Kwa sababu mteja wangu hahitaji plea! Anahitaji sekunde 12 za Barranco. Kata kipande chenyewe kwa ffmpeg:

```
ffmpeg -ss 5 -i machame.mp4 -t 12 -an -vf scale=1280:-2 -c:v libx264 -crf 28 -pix_fmt yuv420p -movflags +faststart barranco.mp4
```

Hiyo -an inatupa sauti, na +faststart inahamisha maelezo ya faili yakae mwanzoni, ili video ianze kabla haijashuka yote. Ikitoka na wastani wa megabiti 1.5 kwa sekunde, sekunde 12 ni kama megabaiti 2 na robo. Picha yenye mawingu na mawe mengi inaweza kuzidi hapo, basi pandisha crf hadi 30 uone. Kisha kwenye ukurasa:

```html
<video id="kilele" autoplay muted loop playsinline poster="barranco.jpg">
  <source src="barranco.mp4" type="video/mp4">
</video>
```

Umeona nilichofanya kuhusu vitufe? Hakuna. Tagi ya video haina vitufe mpaka uandike controls, kwa hiyo hakuna cha kuficha. muted ikikosekana, brauza nyingi zitakataa kuianzisha yenyewe. playsinline ikikosekana, aifoni itataka kuifungua ijaze skrini nzima.

Turudi kwenye betri ya njano. Hata hapa simu inakataa, na inachora kitufe chake katikati. Lakini safari hii ukurasa ni wako, unaweza kulijua na kulishughulikia:

```js
const v = document.getElementById('kilele');
v.play().catch(() => {
  const p = new Image();
  p.src = v.poster;
  p.alt = 'Ukuta wa Barranco';
  v.replaceWith(p);
});
```

Simu ikikataa, video inaondoka na picha inakaa mahali pake. Hakuna kitufe kilichokufa. CSS ya upana uliyoiweka kwenye video iweke na kwenye picha, la sivyo ukurasa utaruka.

Kuna kitufe kimoja ambacho sikubali kukiondoa, na mteja tulibishana: cha kusimamisha. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, unasema kitu kinachojiendesha chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 pembeni ya maandishi kiwe na njia ya kusimamishwa. Kuna watu mwendo wa namna ile unawapa kizunguzungu. Nimeweka kidogo, kona ya chini kulia, kimechorwa kwa rangi za kampuni yake, kinaita v.pause(). Alipokiona akanyamaza.

Ile video yake ndefu ya YouTube tumeiweka chini ya ukurasa, na vitufe vyake vyote, na rel=0. Mtu anayetazama dakika kumi za safari anataka kurudisha nyuma, anataka sauti. Kumfichia vitufe huyo ni kumkera bure.

Bei: YouTube bure, tagi ya video bure, faili linakula nafasi na data ya hosti unayolipia tayari. Msimbo wote nimeuweka kwenye maelezo hapo chini. Wiki ijayo ni ile maikrofoni mliyoiomba, imeshafika. Mwenye aifoni jaribuni ukurasa wa majaribio na betri ya njano mniandikie kwenye maoni kama mmeona picha au mmeona kitufe.