Mashine ya kusagia na birika kwa kibanda cha kahawa pale feri: nilichonunua, nilichojutia, nilichobaki nacho

Kibanda changu kipo upande wa kisiwani, hatua chache kutoka pale abiria wa Likoni wanapoteremka. Nauza kahawa nyeusi ya kuchuja, kikombe cha mililita 200, kuanzia alfajiri hadi saa tatu asubuhi. Sitataja chapa, maana vitu hivi ukiingia dukani utakuta kimoja kimebandikwa majina manne. Nitaeleza ukubwa, nguvu na namna vinavyofanya kazi, basi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu. Nilikaa nikapiga: vikombe 50 kwa saa, birika linachemsha lita 1.7 kwa dakika tano, maji yanatosha na kubaki. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini feri haileti wateja mmoja mmoja. Inashusha umati kwa mara moja, kumi au kumi na wawili wanasimama mbele yako pamoja, halafu robo saa nzima unafukuza nzi. Mteja wa asubuhi hukupa dakika nne, tano akiwa mpole. Siku ya tatu mama mmoja anayefanya kazi mjini alisimama, akatazama birika langu linavyonguruma, akasema, "Mwanangu, hayo maji wayachemsha au wayangoja yaje na feri nyengine?" Watu wakacheka, na wanne wakaondoka naye.

Wimbi moja la vikombe 12 linataka lita tatu za maji. Kahawa naweka gramu 90 kwa lita moja na nusu, na unga wenyewe hunywa maji kama mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo katika kila lita moja na nusu napata lita 1.3 hivi, yaani vikombe sita na tone la kuonja. Machujio mawili, vikombe kumi na viwili. Birika la lita 1.7 lazima lichemke mara mbili, dakika kumi. Hata ungenunua la wati 3000 hungepona, kwa sababu tatizo si kasi ya kuchemsha. Tatizo ni kwamba maji ya moto hayapo wakati watu wapo.

Kabla sijalielewa hilo, nilikuwa nimeshanunua birika la shingo ndefu, lile jembamba kama shingo ya bata. Zuri, halina ubishi, na maji yanatoka kwa utulivu mtu akimwagia kikombe kimoja kimoja. Linachukua lita 0.8. Kwa kibanda cha mawimbi ni pambo. Liko nyumbani sasa, mke wangu anamwagilia mrehani.

Kilichoniokoa ni boila, lile tangi la chuma lenye bomba chini ambalo mahoteli huwekea maji ya chai. Langu ni la lita 10, wati 2500. Alfajiri nikiijaza maji ya dumu, ambayo hapa Mombasa hata usiku hayawi baridi, inachukua dakika 20 na kidogo kufika karibu na kuchemka, kisha inajishikilia hapo yenyewe. Feri ikigonga, lita tatu ziko tayari.

Lakini boila ina adabu zake, na muuzaji hakuniambia hata moja. Usiongeze maji baridi katikati ya wimbi. Ukitoa lita tatu ukarudisha tatu za dumu papo hapo, tangi zima linashuka hadi kama nyuzi 75, na kahawa ya wateja wa nyuma inatoka nyembamba, chachu, kama imeoshwa tu. Mimi huongeza mteja wa mwisho akishapewa. Inarudi juu kwa dakika sita au saba, na feri inayofuata bado iko majini. Pia tazama bomba kabla ya kutazama mng'ao. Bomba jembamba hujaza jagi la lita moja kwa dakika nzima, na hapo umerudi kulekule. Langu hujaza kwa nusu dakika. Tena bomba huwa limekaa juu kidogo ya sakafu ya tangi, kwa hiyo maji ya mwisho hayatoki. Usilazimishe kwa kuinamisha, koili ikibaki kavu itaungua.

Kuhusu stima nina kovu. Napata umeme kutoka duka la jirani kwa ekstensheni moja, nachangia tokeni. Wiki ya kwanza ya boila nilidhani nitakuwa mjanja: nikachomeka na lile birika la wati 2000 hapohapo, liwe la akiba. Jumla wati 4500. Plagi yetu ya ampea 13 inabeba kama wati 3100. Nilitegemea kwamba nikizidisha fyuzi itakatika. Haikukatika. Fyuzi ya 13 huvumilia mzigo wa kiasi hicho kwa muda mrefu, na muda huo wote joto linaenda kwenye plagi na waya. Nilisikia harufu ya plastiki nikadhani ni takataka za jirani, kumbe plagi imelainika na imeshikana na soketi. Kwa bahati jirani ni mtu wa subira. Tangu siku hiyo kwenye ekstensheni ni boila na mashine ya kusagia tu, na waya naukunjua wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa sababu ukiuacha umezungushwa unajipika wenyewe.

Sasa kusaga. Hapa ndipo watu wengi hudhani tofauti ni ladha tu, na mimi nilidhani hivyo. Nilianza na kile kisagio cha visu, kama blenda ndogo. Kinakata, hakisagi: punje moja inapigwa mara kumi inakuwa vumbi, nyingine inaruka juu inabaki kipande. Mimina unga wake kwenye chujio la chai uchekeche juu ya sahani nyeupe. Chini utaona vumbi kama unga wa ngano, juu vipande kama mchele uliovunjika. Lile vumbi linashuka kwenye karatasi ya kuchujia na kuziba vinyweleo vyake. Chujio langu la lita moja na nusu lilikuwa likichukua dakika nane, maji yamesimama juu kama dimbwi. Nikadhani karatasi ni mbovu, nikabadilisha aina mbili. Ilikuwa mashine. Kwa hiyo foleni yangu haikukwama kwenye maji tu.

Mzee mmoja anayeuza kahawa tungu jioni kule Makadara alinicheka. Yeye hutwanga kwa kinu, na tangawizi humo humo, na kahawa yake ni tamu kuliko yangu. "Mimi dele langu halina plagi wala karatasi," akasema. Ni kweli, lakini kahawa yake inatokota kwenye mkaa na makapi yanatulia chini ya dele, kwa hiyo vumbi na vipande havimsumbui. Ukichuja kwa karatasi, vinakusumbua.

Nikajaribu kisagio cha mkono chenye meno. Unga ni mzuri sana, sawasawa. Kinashika gramu 25, na kila mjazo ni dakika moja ya kuzungusha. Wimbi moja ni gramu 180. Fanya hesabu mwenyewe, kisha uufikirie mkono wangu ifikapo saa mbili asubuhi. Nimekibakiza kwa siku stima ikipotea, pamoja na thamosi mbili za lita tatu.

Niliponunua ya mwisho nilikwenda na kahawa yangu mfukoni. Ni mashine ya dukani iliyotumika, yenye meno bapa ya milimita 64, nikaichukua kwa shilingi 22,000 baada ya kubishana asubuhi nzima. Nilimwomba muuzaji aichomoe kwenye umeme, nikafungua juu, nikapitisha ukucha kwenye kingo za meno. Ukucha ukikwaruzika, meno yana makali; ukiteleza, yamekwisha na utakuwa unaponda badala ya kukata. Kisha nikasaga gramu 90 na kuhesabu: chini ya nusu dakika, na unga ukiusugua kwa vidole unahisi kama chumvi ya mawe iliyosagwa kidogo, bila ule utelezi wa vumbi. Nyumbani, chujio lilelile, karatasi ileile, likamaliza kwa dakika nne na nusu.

Lakini sisagi watu wakiwa wamesimama. Wimbi likiisha, naongeza maji kwenye boila, nasaga gramu 180 na kuzigawa kwenye mikebe miwili yenye vifuniko. Feri ikianza kuteremsha lango, namimina mikebe kwenye machujio na kuanza kumwagia. Wa kwanza akifika, kahawa imeshaanza kushuka ndani ya thamosi. Unga wa robo saa hauna neno. Wa jana, kwa unyevu huu wa pwani, umeshashikana mabonge na hauna harufu.

Unyevu huohuo unaila mashine. Nilimaliza wiki mbili bila kuifagia, na kwenye meno nikakuta unga uliogandamana kama udongo na doa la kutu pembeni. Sasa kila siku napiga brashi kavu, siweki maji. Na kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu. Siku niliyonunua ya namna hiyo mota ilishindwa kuanza huku meno yamejaa. Dawa ni kuiwasha kwanza, kahawa iingie baadaye.

Boila nayo ilinionyesha tabia mwezi wa pili. Maji yalichelewa kidogo kupata moto. Ndani koili ilikuwa imevaa koti jeupe. Kijana wa mkokoteni alikuwa ananiletea maji ya kisima, na visima vya hapa vinachimbwa kwenye mawe ya matumbawe, chokaa tupu na chumvi juu yake. Nilichemsha siki iliyochanganywa na maji, nikaiacha saa moja, koti likabanduka kwa vipande. Sasa nanunua maji ya mfereji, dumu ni ghali kidogo, na hata kahawa imeacha ule uchumvi ambao wateja walikuwa wakiusema kwa upole.

Lawama niliyobaki nayo ni kelele. Mashine inapiga mayowe kama trekta, na msikiti uko nyuma yangu. Kwa hiyo gramu 180 za feri ya kwanza nazisaga nyumbani kabla sijatoka, na mke wangu ndiye anayelipa.