Kioo cheusi na kishale peke yake: Task Manager na Autoruns zilivyoniokoa

Nina steshenari ndogo Moshi, barabara ya kuelekea KCMC, na kazi kubwa hapa ni kuprinti tafiti za wanachuo. Laptopu ya kazi inatumia Windows 10, na ina akaunti mbili: yangu na ya mdogo wangu anayenishikia jioni.

Jumatatu asubuhi nimewasha, nimeandika nywila, neno la kukaribishwa likapita, halafu giza. Hakuna picha ya nyuma, hakuna ule mwambaa wa chini, hakuna hata ikoni moja. Kishale cha mausi tu, tena kinatembea vizuri kabisa. Nimezima kwa kubonyeza kitufe kwa nguvu mara tatu, na mara zote tatu mambo yalikuwa yaleyale. Foleni mlangoni inakua, na dada mmoja ana kurasa 86 za kukabidhi saa sita.

Fundi niliyempigia hakutaka hata kuiona. "Mama, hiyo ni ya kupiga Windows upya, lete na elfu ishirini." Ningempelekea kama si mteja mmoja, kijana wa IT, aliyeniambia nibonyeze Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja kwanza. Ukurasa wa bluu ukaja. Akasema kama ule ukurasa unakuja na kishale kinatembea, basi Windows yenyewe iko hai na umeshaingia, ila kilichokosekana ni yule anayechora deskitopu. Anaitwa explorer.exe, na ndiye anayeleta mwambaa, ikoni na menyu ya Start. Bila yeye unabaki na kioo kitupu.

Nikachagua Task Manager, nikabonyeza More details, kisha File, kisha Run new task, nikaandika:

```
explorer.exe
```

Nikapiga Enter, na ndani ya sekunde mbili kila kitu kikarudi mahali pake, mafaili yote yapo. Kurasa 86 zikatoka. (Kwenye Windows 11 hakuna ile File. Kitufe cha Run new task kiko juu, upande wa kulia.)

Nilidhani yameisha. Jumanne asubuhi, giza lilelile.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kumwamsha explorer kwa mkono ni huduma ya kwanza tu, maana kuna kitu kinamzuia kuanza kila ninapoingia. Nikafanya kosa linalofanywa na wengi: nikafungua Task Manager, kichupo cha Startup, nikazima vitu vyote saba vinavyojiwasha vyenyewe. Giza halikuondoka, na juu yake skana ya printa ikagoma kwa sababu msaidizi wake alikuwa mmoja wa wale saba. Kichupo kile ni kizuri kwa laptopu inayochelewa kuwaka, lakini kinaonyesha sehemu chache tu kati ya zile ambazo Windows hupitia wakati wa kuingia. Sehemu inayosema deskitopu iendeshwe na nani haimo.

Kilichonifungua macho ni mdogo wangu. Jioni aliingia kwa akaunti yake, laptopu ileile, na deskitopu ikaja bila shida. Kwa hiyo haikuwa diski, wala kadi ya picha, wala Windows nzima. Ubovu ulikuwa ndani ya akaunti yangu.

Jumatano nikapakua Autoruns. Ni programu ya Sysinternals, ambayo iko chini ya Microsoft tangu 2006. Ni ya bure, haisakinishwi, unaifungua tu kutoka kwenye zipu na kuiendesha. Nikaingia kichupo cha Logon, nikaweka Hide Microsoft Entries ili zile za Windows yenyewe zisinichanganye. Orodha ikabaki fupi, na ndani yake mstari mmoja wa njano. Njano maana yake maelekezo yapo lakini faili linalotajwa halipo. Ulikuwa kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya HKCU, ambao ni upande wa akaunti iliyoingia tu, sehemu ya Winlogon, jina lake Shell, na ulielekeza kwenye faili ndani ya folda yangu ya AppData lenye jina la kujifanya la Windows.

Ndipo nikakumbuka. Jumapili jioni mteja alileta fleshi ambayo mafolda yake yote yamegeuka njia za mkato, na antivairasi yangu ikapiga kelele, ikafuta kitu, ikasema imemaliza. Imemaliza nusu. Kirusi kilikuwa kimejiandika kama mwendesha deskitopu wa akaunti yangu. Antivairasi ikafuta faili lake lakini ikaacha maandishi kwenye rejista. Kila ninapoingia, Windows inamtafuta huyo marehemu badala ya explorer, haimpati, na mimi nabaki na kishale.

Sikufuta papo hapo. Nilifungua cmd nikahakikisha:

```
reg query "HKCU\Software\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon" /v Shell
```

Kwenye laptopu ya nyumbani isiyo na ubovu, jibu zuri la amri hii ni kwamba haikuona kitu, kwa sababu Shell kwa kawaida haipo upande wa HKCU. Yangu ilitoa ile anwani ya ajabu. Nikabadilisha HKCU kuwa HKLM, ambao ni upande wa kompyuta nzima, na huko ikasoma `explorer.exe` kama inavyotakiwa. Huo wa HKLM usiuguse ukishausoma hivyo. Nikatunza nakala ya sehemu ile kwa `reg export`, kisha:

```
reg delete "HKCU\Software\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon" /v Shell
```

Inauliza kama una uhakika, unajibu Y. Jambo moja linaloweza kukupotezea saa nzima: amri hizi zipige ukiwa ndani ya akaunti yenye ugonjwa. Ukifungua cmd kwa nywila ya mtu mwingine, HKCU inakuwa ya huyo mtu, utaambiwa hakuna kitu na utaamini kumbe uongo. Baada ya hapo nikatoka, nikaingia tena, deskitopu ikaja yenyewe. Nikapitisha skani nzima ya antivairasi, nikawasha tena vile saba isipokuwa viwili ambavyo sikuwahi kuvihitaji.

Task Manager naipa nyota tano kwa sababu ya Run new task, na tatu kwa kile kichupo cha Startup. Autoruns naipa nne. Inaona kila kona, lakini haimlindi mgeni. Ukiondoa Hide Microsoft Entries na kutoa alama ya tiki kwenye mstari usioujua, unaweza kujitengenezea giza jipya. Pia kuna mistari ya waridi, ambayo haina saini ya mtengenezaji inayothibitika. Nilikuwa nao mmoja, nikashtuka, kumbe ni wa printa.

Kama kwako Ctrl, Alt na Delete haileti chochote, habari yangu haikuhusu sana. Jaribu kubonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, ambavyo huwasha upya dereva ya picha. Kioo kikipepesa na deskitopu ikatokea, tatizo lako liko kwenye dereva.

Mwenye fleshi alirudi Ijumaa kuprinti. Nimemwambia anitumie kwa barua pepe.