Uzoefu wangu: niliiomba benki mchanganuo wa makato ya pensheni yangu kwa maandishi

Naandika haya hasira zikiwa bado hazijapoa, na sina mpango wa kusubiri zipoe. Pensheni yangu inaingia kwenye akaunti ya akiba ya benki hii tangu nilipostaafu. Kila mwezi wanakata hela. Sijawahi kudai huduma ya bure, ila nataka kujua ninacholipia. Kwenye taarifa ya akaunti makato yote yanakuja kwa mstari mmoja, siku ya mwisho ya mwezi, umeandikwa SVC CHG na kiasi mbele yake. Basi, hapo ndipo maelezo yanapoishia.

Kiasi changu halisi sikitaji, kwa hiyo tuchukulie pensheni ni 10,000, na tarakimu nyingine zote nimezipunguza kwa uwiano huohuo. Kila mwezi ule mstari ulikuwa unasoma 330. Kwa mwaka ni 3,960, karibu asilimia 40 ya pensheni ya mwezi mzima. Na hii ni akaunti ya akiba, wanasema inazaa riba. Riba yenyewe ni asilimia 2 kwa mwaka, inahesabiwa kwenye salio dogo kuliko yote lililofikiwa ndani ya mwezi. Nikipiga hesabu napata 1.20. Wananipa 1.20, wanachukua 330.

Niliuliza dirishani zaidi ya mara moja. Mmoja aliniambia ni ada ya kuendesha akaunti. Mwingine akasema ni ya esemesi. Wa tatu akageuza kidogo kioo cha kompyuta, akanionyesha mstari uleule wa SVC CHG ninaouona kwenye karatasi yangu, akasema, "Si umeona, mama, ni makato ya kawaida." Nikaona maneno ya mdomo hayatanifikisha popote, kwa sababu kila mwenye kiti ana jibu lake na kesho hakuna anayelikumbuka. Nikaandika barua.

Naiweka hapa kama ilivyokuwa, maana najua wastaafu wenzangu wataihitaji:

"YAH: OMBI LA MCHANGANUO WA MAKATO YOTE KATIKA AKAUNTI YANGU YA AKIBA

Mimi ni mstaafu na mteja wenu. Kila siku ya mwisho ya mwezi naona kwenye taarifa ya akaunti yangu kiasi kilichokatwa kwa jina la SVC CHG. Naomba mnipe, kwa maandishi, kila kato peke yake kwa miezi kumi na miwili iliyopita, likionyesha: jina lake kwa maneno kamili, kiasi chake kabla ya kodi, kodi iliyoongezwa juu yake, tarehe na saa lilipokatwa, salio kabla na baada ya kukatwa, na kifungu cha orodha yenu ya ada kinachoruhusu kato hilo. Kwa huduma yoyote ya hiari, naomba nakala ya fomu niliyotia saini kuikubali. Jumla ya kila mwezi ilingane na kiasi cha SVC CHG cha mwezi huo. Naomba jibu lenye saini na muhuri."

Nikaongeza namba ya akaunti, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, saini na tarehe. Namba ya siri haiandikwi kwenye barua kama hii, hata mtu akikwambia anaihitaji "kwa uhakiki". Nikachapa nakala mbili, moja yao na nyingine yangu ya kugongewa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri ule wenye tarehe, siku ukirudi wanakwambia barua haikuonekana, nawe huna cha kuwaonyesha.

Sasa sikilizeni nilichofanyiwa. Binti wa dirishani aliisoma nusu, akainua kichwa, akasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: "Kwani hela zenyewe ni kiasi gani, mama, mpaka uandike barua?"

Nilikaa kimya kidogo, maana nilihisi machozi. Nimefanya kazi maisha yangu yote, na hiyo hela anayoiuliza ni kiasi gani ndiyo ninayonunulia chakula na kulipia dawa. Tena ni yangu. Hata ingekuwa sarafu moja, haimpi mtu ruhusa ya kuniuliza mbele za watu. Nikamwambia, "Mwanangu, kama ni ndogo hivyo, haitawasumbua kuihesabu." Akasema barua za namna ile hawapokei, nipige simu huduma kwa wateja. Sikupiga. Nilikwenda mezani kwa karani wa meneja wa tawi, mama mtu mzima, akagonga muhuri bila neno na akaandika herufi za jina lake pembeni. Mungu ambariki.

Jibu la kwanza lilikuja baada ya wiki kadhaa, bahasha nene. Nikafurahi bure. Ndani kulikuwa na taarifa ya akaunti niliyonayo tayari, na orodha ya ada za benki nzima iliyotolewa fotokopi, kurasa kwa kurasa, na ada za mikopo na hundi humohumo. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu karatasi ni nyingi na unadhani umejibiwa. Hujajibiwa. Orodha ya ada ni bei zilizobandikwa ukutani dukani, na mimi nilikuwa naomba risiti yangu. Namna ya kupima ni kujumlisha. Kama huwezi kuchukua karatasi zao, ukajumlisha, ukapata ule mstari wa mwezi bila kubahatisha, huo si mchanganuo. Nikaandika barua fupi nikasema hivyohivyo, nikaambatisha nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri wao.

Jibu la pili, niseme kweli, lilikuwa kazi safi. Aliyeliandaa ni afisa wa idara ya uendeshaji, ambaye sijawahi kumwona. Jedwali la mwezi mmoja kwa kila ukurasa, saa na dakika, salio kabla na baada. Siku ile ningeambiwa niipe benki hii nyota nne ningewapa. Nikakaa nalo mezani na kalamu nyekundu, na hapo ndipo nikaona kilichokuwa kimejificha ndani ya ule mstari mmoja.

Akaunti yangu ina kiwango cha chini cha salio, 1,000. Ukishuka chini yake unatozwa adhabu. Hilo nalijua, na ndiyo maana kila mwezi nikitoa pensheni naacha 1,050. Sishuki. Lakini jedwali lilionyesha hivi. Tarehe 28 mfumo unakata ada ya kuendesha akaunti 120, esemesi 40, na kadi 30, jumla 190. Juu yake kodi ya asilimia 10, yaani 19. Salio linatoka 1,050 linafika 841. Siku ya mwisho ya mwezi mfumo huohuo unapita tena, unakuta 841, unaona mteja ameshuka chini ya 1,000, unamtoza adhabu 110 na kodi yake 11. Salio linabaki 720. Kisha makato yote yanafungwa pamoja na kuonyeshwa kama SVC CHG 330, tarehe ya mwisho wa mwezi.

Mmeelewa? Walionishusha ni wao. Walikata, kisha wakaniadhibu kwa sababu wamekata. Kwenye taarifa ya kawaida hulioni kamwe, kwa sababu mpangilio wa saa umefichwa na unaona tu 1,050 imekuwa 720. Ndiyo maana nilisisitiza saa na salio kabla na baada; bila vitu hivyo viwili hata jumla ingelingana na bado nisingejua lolote.

La pili ni kadi. Mimi sina kadi. Natolea hela dirishani, na sijawahi kukabidhiwa kadi. Niliomba fomu yenye saini yangu. Walileta fomu ya kufungulia akaunti ambayo kisanduku cha kadi hakina alama. Kadi ilitengenezwa, ikawekwa kabatini tawini, na ada yake ikaanza kukatwa. Esemesi nilikubali, sina ugomvi nazo.

Nilirudi na jedwali lao lenyewe. Meneja alinipokea vizuri, akaniamkia, akanikaribisha kiti, akakiri kwamba adhabu haikustahili. Kadi imefutwa. Adhabu ya miezi mitatu ya karibuni imerudishwa pamoja na kodi yake, 363. Nilipotoka pale nilikuwa tayari kusema yaishe, binti wa dirishani nimesamehe, nyota tatu.

Lakini nilipofika nyumbani nikalisoma upya jedwali. Miezi mitatu? Adhabu ipo kwenye kurasa zote kumi na mbili. Sababu waliyonipa ni kwamba utaratibu wa tawi unaishia miezi mitatu, na zaidi ya hapo lazima makao makuu yaidhinishe. Sawa, basi yaidhinishe! Uwezo wa tawi ni mambo yao ya ndani, haugeuzi hela yangu kuwa yao. Miezi tisa mara 121 ni 1,089. Ada ya kadi haijarudishwa hata mwezi mmoja. Na nikikumbuka kwamba wastaafu wengine wanaoacha salio dogo kama mimi, kwenye akaunti hiihii, wanakatwa adhabu hiyohiyo mwezi huu huu bila kujua, nyota tatu zinanitoka mkononi. Nawapa moja, nayo ni ya yule afisa wa jedwali na karani aliyegonga muhuri.

Kwa sasa naacha 1,300 badala ya 1,050, ili wakikata 176 iliyobaki baada ya kadi kufutwa, salio lisifike kwenye mtego. Inaniuma kuifungia hela yangu kwa ajili ya mfumo wao, lakini 121 kila mwezi inauma zaidi. Watoto wananiambia nihame. Nitahama, ila sifungi akaunti leo. Kwanza mfuko wa pensheni upate namba mpya, kisha malipo ya mwezi mmoja yaonekane upande wa pili, ndipo nifunge huku, maana pensheni ikitumwa kwenye akaunti iliyofungwa inarudi ilikotoka na unaanza kuifuatilia upya.

Barua ya tatu imeshagongwa muhuri. Imeelekezwa makao makuu, nakala kwa meneja wa tawi, na kiambatisho ni jedwali lao lenye kalamu yangu nyekundu kwenye kila tarehe 28. Nimewataka warudishe adhabu ya miezi tisa na ada ya kadi tangu siku ya kwanza ilipokatwa, na nimewaandikia tarehe ninayotegemea jibu. Tarehe hiyo ikipita, bahasha inayofuata inakwenda kwa mamlaka inayosimamia mabenki, ikiwa na barua zote tatu na majibu yao yote mawili.