TAHADHARI: Umebadili jina na tiki ya buluu imetoweka? Usimlipe anayejitolea kuirudisha

Wapo watu wanaoshinda mtandaoni wakitafuta posti zenye maneno kama "tiki yangu imepotea" au "nimenyimwa tiki". Ukiandika tu hivyo hadharani, hazipiti dakika nyingi kabla hujapata ujumbe inboksi: "Pole sana, mimi ni wakala wa uthibitisho, nitakurudishia leo leo." Hao ndio ninaowazungumzia. Hawana mtu wa ndani wala mlango wa nyuma, na wengi wao wanakuuzia kitu ambacho kingekuja chenyewe.

Tuanze na X, maana huko ndiko watu wengi wanakonaswa. Ukiwa unalipia Premium, uanachama unaokupa tiki, kisha ukabadili jina la wasifu, picha, au lile jina la akaunti linaloanza na @, tiki huondolewa kwa muda hadi akaunti ipitiwe upya. Si adhabu na hakuna aliyekuripoti. Kanuni hiyo ilizaliwa na vurugu za Novemba 2022, pale tiki ilipoanza kuuzwa kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Watu waliinunua, wakajiita majina ya makampuni, wakaanza kutangaza uongo. Tarehe 10 mwezi huo, akaunti bandia yenye tiki ilijifanya kampuni ya dawa ya Eli Lilly na kutangaza kuwa insulini sasa ni bure, ikabidi kampuni yenyewe ijitokeze kuomba radhi kwa waliopotoshwa. Uuzaji ukasimamishwa, na uliporudi Desemba ulikuja na sharti hili: ukigusa jina, tiki inashuka mpaka ukaguliwe.

Wakati ukaguzi unaendelea, hutaruhusiwa kubadili tena jina, picha wala @ yako. Hapo watu hudhani akaunti imefungwa, wanaingiwa na hofu, na tapeli anaijua hofu hiyo vizuri.

Nieleze ilivyompata mwenzetu mmoja, mwanamuziki, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Aliongeza jina la kundi lake mbele ya jina lake, tiki ikaondoka, akalalamika hadharani. Akafuatwa na akaunti yenye nembo ya X na neno "Support" kwenye jina. Wakakubaliana bei: nusu kwanza, kwa kadi za zawadi, nusu kazi ikiisha. Baada ya siku kadhaa tiki ikarudi. Akashukuru, akalipa iliyobaki. Ukaguzi ulikuwa umekwisha, basi. Ni sawa na kumlipa mtu kwa sababu jua limechomoza.

Ingeishia hapo tungesema amepoteza pesa tu. Lakini alishajionyesha kuwa analipa, kwa hiyo "wakala" yuleyule akarudi akidai tiki haijakaa sawasawa, inahitaji kufungwa kwenye akaunti. Akamwambia asubiri barua pepe yenye namba ya uthibitisho, amtumie namba hiyo. Barua ikaja kweli, na anwani ya aliyetuma ilikuwa halali kabisa. Huu ndio ujanja unaowanasa hata watu makini. Tapeli alikuwa amekwenda kwenye ukurasa wa kuingia, akaandika jina la akaunti ya mwanamuziki, akabonyeza sehemu ya kusahau nywila. X yenyewe ndiyo iliyotuma namba. Kwa hiyo barua kuwa ya kweli hakuthibitishi kwamba anayekuomba namba ni wa kweli. Aliitoa namba, na akaunti ikaenda. Mwizi akabadili barua pepe, kisha akabadili jina ili aiuze, na tiki ikaondoka tena kwa kanuni ileile.

Kwa X, basi, njia ya kuirudisha ni hii, na ni ya bure. Hakikisha jina jipya halifanani na la mtu au taasisi nyingine, picha ipo, namba ya simu imethibitishwa na malipo ya Premium hayajakatika. Kisha uache. Usikatishe uanachama ili ulipie upya kwa kudhani utaruka foleni. Ukiwa na jambo kubwa linalokaribia, kama uzinduzi wa kazi au kampeni, badili jina mapema au ngoja lipite. Na ukitaka kubadili jina na picha, vibadili kwa pamoja, usije ukamaliza ukaguzi mmoja na kuanzisha mwingine.

Upande wa Instagram na Facebook utapeli una sura nyingine, kwa sababu huko mtu mara nyingi hunyimwa kabisa. Meta Verified, huduma ya kulipia tiki kwenye mitandao hiyo miwili, inataka jina la wasifu na picha vilingane na kitambulisho cha serikali, uwe umetimiza miaka 18, na uwe umewasha uthibitisho wa hatua mbili. Ukiwa na tiki kisha ukabadili jina, jina jipya nalo lazima lipite uhakiki. Anayetumia jina la biashara au la utani kwenye wasifu wa mtu binafsi ndiye anayekwama hapo. Tapeli anakuja na dawa yake: umtumie picha ya kitambulisho, atakirekebisha kisomeke kama jina la wasifu. Hata kama kingepita, na sidhani, unakuwa umewasilisha hati ya kughushi kwa jina lako, na mtu usiyemjua amebaki na kitambulisho chako halisi. Hilo linanitisha kuliko pesa.

Kinachofanya kazi ni kinyume chake: rekebisha wasifu ufuate kitambulisho, kisha omba tena ndani ya programu yenyewe. Soma herufi kwa herufi kabla ya kuhifadhi, maana Facebook ikishakubali jina hairuhusu kulibadili tena kwa siku 60. Ndani ya siku hizo ndimo wengi huona njia imefungwa na kwenda kutafuta wakala.

Ukipokea barua inayodai kutoka Instagram kuhusu tiki yako, usibonyeze linki iliyomo. Fungua programu, ingia `Accounts Center`, kisha `Password and security`, kisha `Recent emails`. Barua walizokutumia karibuni zimeorodheshwa hapo. Isipokuwepo, ni ya matapeli. Ikiwepo, bado hakuna mtu anayestahili kupewa namba iliyomo, wala zile namba za akiba za kuingilia kwenye akaunti, zenye tarakimu 8, ambazo kurasa bandia hupenda kuziomba kwa kisingizio cha "kuthibitisha umiliki".

Kama umeshatoa namba na bado unaweza kuingia, badili nywila sasa hivi. Kwenye X nenda `Security and account access`, halafu `Apps and sessions`, uondoe vifaa vyote usivyovijua na programu zilizounganishwa. Halafu angalia barua pepe na simu zilizosajiliwa, kwa sababu mwizi akishaweka yake, nywila mpya haikusaidii. Ukishafungiwa nje ya Instagram, anzia `instagram.com/hacked`, na ukague barua pepe yako kama kuna ujumbe kutoka `security@mail.instagram.com` unaosema anwani imebadilishwa. Ujumbe huo una njia ya kubatilisha mabadiliko.

Na jiandae: ukishatangaza kuwa umeibiwa akaunti, watakuja wengine inboksi wakisema wao ni wadukuzi wema, wanarudisha akaunti zilizoibwa kwa malipo kidogo. Mwanamuziki wetu aliwapata watatu jioni ileile, na mmoja aliandika kwa maneno yaleyale ya yule wa kwanza.