TAHADHARI: Seti feki za kutolea maji ya sinki la kuogea, Mwanga Kigoma

Ndugu zangu mnaojenga hapa Kigoma, kuna muuzaji pale Mwanga anauza seti za kutolea maji ya sinki la kuogea, lile la kujilaza. Ukimuuliza, atakuapia ni orijino. Nilitoa 45,000. Niliporudi nayo aliikataa mbele ya wateja, na risiti hakuwa amenipa.

Seti hiyo ina sehemu mbili: mdomo wa chini wenye kizibo, na tundu la juu la kupunguzia maji yakijaa, vikiunganishwa kwa bomba linalokunjika nyuma ya sinki. Kinachozuia maji ni mipira, mmoja chini ya mdomo na mwingine nyuma ya tundu la juu. Kwenye seti ile mipira ilikuwa migumu kama plastiki. Nilipoukunja ule wa juu kwa vidole, ulipasuka ukingoni.

Fundi wangu alishafunga kila kitu, akamwaga ndoo moja, akachungulia chini, pakavu. Akasema fundi marumaru aje kesho. Nilikataa, kwa sababu ndoo moja haifiki hata karibu na tundu la juu, na sinki likiwa tupu halijabeba uzito. Likijaa linabonyea kidogo na kuvuta maungio.

Tukafunga kizibo, tukajaza ndoo nane za lita 20 mpaka maji yakaanza kuingia tundu la juu, tukaacha maji ya bomba la kujazia sinki yaendelee kutiririka dakika kadhaa. Kabla ya hapo nilifuta maungio yote kwa kitambaa na kuzungushia tishu kavu kila moja. Baada ya dakika 20 tishu ya nyuma ya tundu la juu ilikuwa imelowa, na tone linateremka kwenye bomba hadi chini. Angekuwa anaangalia chini tu angelaumu mdomo wa chini. Tafuta palipolowa juu kabisa, ndipo panapovuja. Kisha tukang'oa kizibo maji yote yatoke kwa mkupuo, maana trapu, lile bomba lililopinda chini ya sinki linalozuia harufu, na maungio yake hujaribiwa maji yakienda kwa kasi, si yakiwa yametulia.

Muuzaji aliniambia, "Mpake silikoni tu, mkaze." Msikubali. Ukikaza zaidi mpira mgumu unapasuka au tundu la sinki linaingia ufa, na silikoni juu ya mpira mbovu inaficha uvujaji siku chache tu. Ukuta ukishafungwa na marumaru, utagundua kwa rangi kubambuka chumba cha pili.

Kabla ya kulipa, fungua boksi pale pale dukani. Mpira mzuri unakunjika na kurudi. Angalia pia skrubu ya katikati: yangu ilionyesha kutu asubuhi ya pili.

Nimenunua nyingine duka jingine, nimeijaza tena usiku kucha, tishu zimeamka kavu. Fundi marumaru anaanza leo, na nimemwagiza aache kidirisha cha kufungulia upande wa trapu.